Pedi na plagi za IST: anza na chasisi, boksi baadaye

*Shikamoo fundi. Nina IST ya 2004, nakaa Buzuruga na naitumia kubebea mzigo wa duka. Mwezi uliopita nilibadilisha pedi za mbele, muuzaji akasema za Vitz na IST ni moja. Sasa nikitoka rivasi kwenda mbele na kugusa breki inagonga "tak", na nikishuka Isamilo na mzigo pedeli ni ngumu lakini gari halisimami vizuri. Pia fundi wangu anataka plagi nne. Duka moja la mjini Denso ni elfu tano moja, la jirani elfu kumi na nane, na boksi ni lile lile. Nimechukua za elfu tano ila sijazifunga. Nitajuaje kinachoingia kwenye gari langu, na kipi ni feki?*

Marahaba, mwanangu. Nianze na huo mteremko wa Isamilo, maana plagi zinaweza kusubiri, breki haziwezi. Pedeli ikiwa juu na ngumu halafu gari likagoma kusimama, usikimbilie kulaumu mafuta ya breki. Mafuta yakichemka au mfumo ukiingia hewa, pedeli huzama, mguu unaenda karibu na sakafu. Busta ikifa nayo hufanya pedeli ngumu, lakini ya busta utaikuta tangu asubuhi unapotoka getini, haisubiri mzigo wala mlima. Yako inakuja pedi zikishapata moto. Kalipa inabana kama kawaida, ila ile nyama ya pedi inayotakiwa kuing'ang'ania diski imeshindwa joto. Mpaka utakapozibadilisha, usishuke pale na mzigo. Siku ukilazimika, weka gia kwenye 2 au L kabla hujaanza kuteremka ili injini ikusaidie kulishika gari.

Ile "tak" ni habari nyingine, na ndiyo inayojibu swali lako la kwanza. Pedi inakaa ndani ya breketi, masikio yake mawili yameingia kwenye njia zake huku na huku. Ukienda mbele na kushika breki, diski inaisukuma pedi upande mmoja wa breketi. Ukirudi nyuma inaisukuma upande wa pili. Pedi inayofaa ina nafasi ndogo sana ya kusogea, husikii kitu. Pedi fupi kidogo, au iliyofungwa bila vile vibanio vyembamba vya chuma vya kwenye njia zake, inasafiri na kugonga ukuta wa breketi. Mlio unakuja mara moja tu kila unapogeuza mwelekeo, kama ulivyoeleza. Kwa hiyo una pedi ambayo ama si ya gari lako, ama ni ya gari lako lakini imetengenezwa bila vipimo. Ukiongeza na ile ya mlimani, mimi naona hilo la pili lina nguvu zaidi, lakini tutalithibitisha kwa kuifungua.

Sasa twende kaunta, mahali ambapo mambo yaliharibika. Ulisema "naomba pedi za IST" na muuzaji akakupa alichonacho. IST ni jina la biashara, na chini ya jina hilo Toyota wametengeneza magari zaidi ya moja. IST ya kwanza, ya 2002 hadi 2007, ina chasisi tatu: NCP60 yenye injini ya 2NZ-FE ya lita 1.3, NCP61 yenye 1NZ-FE ya lita 1.5, na NCP65 ambayo ni hiyo hiyo ya 1.5 ila magurudumu yote manne yanavuta. Kisha 2007 ikaja IST mpya kabisa, pana na nzito zaidi, yenye chasisi kama NCP110 ya lita 1.5 na ZSP110 ya lita 1.8 yenye injini ya 2ZR-FE. Vitz nazo zina familia yao ndefu. Kuna Vitz zinazoshirikiana pedi na IST fulani na kuna zisizoshirikiana, kwa hiyo muuzaji wako hakudanganya moja kwa moja. Alisema kitu ambacho ni kweli kwa baadhi ya magari bila kuangalia lako.

La kwako kwa kuwa ni la 2004 litakuwa moja kati ya zile tatu za mwanzo. Usikisie. Fungua boneti, tafuta kibati cha chuma kilichopigwa kwenye ukuta unaotenganisha injini na chumba cha dereva, usome namba. Itakuwa na umbo la NCP61, kistari, halafu tarakimu saba. Gari la Kijapani lililotengenezwa kwa soko la kwao halina ile namba ndefu ya herufi na tarakimu 17 ambayo tovuti nyingi za spea huuliza, kwa hiyo usihangaike ukiambiwa namba yako "haijakamilika". Namba hiyo hiyo iko kwenye kadi ya gari ya TRA. Mimi napenda kuona zote mbili, kadi na kibati, kwa sababu zikitofautiana una jambo kubwa zaidi ya pedi.

Ukishaipata, ingia kwenye katalogi. Ziko za bure mtandaoni, mfano partsouq.com na amayama.com, unaandika namba yote ya chasisi, si "IST 2004". Itakuletea michoro ya gari lako. Pedi za mbele ziko kwenye ukurasa unaoitwa FRONT DISC BRAKE CALIPER & DUST COVER, na utatafuta mstari wa PAD KIT. Plagi ziko kwenye IGNITION COIL & SPARK PLUG. Wakati mwingine utaona namba mbili za kitu kimoja zikiwa na tarehe tofauti pembeni. Hizo ni tarehe za kutengenezwa gari, chagua ile ambayo gari lako liko ndani yake. Na wakati mwingine namba ya zamani imeandikwa kwamba imebadilishwa na mpya. Hapo muuzaji akikuonyesha boksi lenye namba mpya si lazima awe anakudanganya, lakini katalogi ndiyo ithibitishe, siyo yeye.

Namba ya Toyota ina sehemu mbili na ya kwanza inakuambia ni kitu gani. 04465 ni pedi za mbele. 04466 ni pedi za nyuma. 04495 ni shuu za nyuma, kwa gari lenye ngoma. Tarakimu tano zinazofuata ndizo zinazotofautisha gari na gari. Nimeona mtu akirudi kwake na boksi lenye 04466 kwa furaha, gari lake nyuma lina ngoma tupu. Chungulia kwanza kati ya mikono ya rimu uone nyuma una diski au ngoma, ni kazi ya sekunde.

Hata ukiwa na namba, usiondoke dukani bila kulinganisha na pedi ya zamani. Mwambie fundi afungue gurudumu moja, utoe pedi, uende nayo mkononi hata kama imeisha. Weka mpya na ya zamani mgongo kwa mgongo, bati kwa bati, na uzishike pamoja kama karata mbili. Masikio lazima yafanane kwa upana na kwa kimo, yakiishia mahali pamoja. Halafu angalia kile kiulimi cha chuma kinachopiga kelele pedi ikiisha: kiko kwenye pedi ipi, ya ndani au ya nje, na upande gani. Kikiwekwa mahali pasipo pake kitakwaruza diski siku ya kwanza au hakitalia kabisa. Kisha tazama nyama yenyewe: isizidi ukingo wa diski juu wala isiache mstari mpana usioguswa chini. Diski inayoguswa nusu huota ukingo wa kutu na siku ukiweka pedi sahihi zitakaa juu ya ukingo huo.

Kwa upande wako ugumu ni kwamba pedi ya zamani ndiyo tunayoishuku. Hapo pima breketi. Toa pedi, ondoa vibanio, pima kwa kalipa ya kupimia umbali kati ya njia mbili za masikio, kisha pima pedi kutoka sikio hadi sikio. Rudisha vibanio na pedi, ichezeshe kwa kidole. Inatakiwa iteleze kwa kusukuma kidogo, isiwe imekwama na isiwe inachezacheza. Kama inacheza, umepata "tak" yako.

Plagi ni rahisi zaidi kuchagua, kwa sababu jina lake ni maelezo kamili ukijua kulisoma. Kwa 1NZ-FE ya kizazi chako, plagi ya kawaida ya nikeli ni Denso K16R-U11, ambayo Toyota huiuza kwenye boksi lake kwa namba 90919-01164. Ile K inakuambia ukubwa: uzi wa milimita 14, urefu wa uzi milimita 19, na kichwa cha soketi ya 16. Namba 16 ni kiwango cha joto. R ni rezista iliyomo ndani. U ni mfereji ulio kwenye ule mkono wa juu, na 11 ni nafasi ya cheche, milimita 1.1. Ukikuta NGK, inayolingana ni BKR5E-11, na utaona 5 yao inasimama mahali pa 16 ya Denso. Kampuni hizi mbili hazitumii hesabu moja, ndiyo maana muuzaji akikuambia "chukua hii namba yake inafanana" uombe aonyeshe kwenye orodha ya ulinganisho.

Kiwango cha joto kinahitaji neno moja. Kwa Denso na NGK namba ikipanda, plagi ni baridi zaidi, yaani inalitoa joto haraka. Ukiweka baridi kupita kiasi kwenye gari linalozunguka mjini, foleni ya asubuhi, safari fupi fupi, ncha haifikii joto la kuchoma masizi yake na baada ya muda inakuwa nyeusi na kumisi. Ukiweka ya moto kupita kiasi na mzigo juu, ncha inawaka hata bila cheche na injini inaanza kugonga. Hakuna anayepata nguvu ya ziada kwa kubadilisha namba hiyo kwenye IST ya kawaida, hata kama kijana wa duka ataapa.

Urefu wa uzi ndio ulio hatari kabisa. IST ya ZSP110 inatumia Denso SC20HR11, yenye uzi wa milimita 26.5 na kichwa cha soketi ya 14. Ukilinganisha na yako ya milimita 19, tofauti ni zaidi ya nusu sentimita. Plagi ndefu kwenye shimo fupi inaingia ndani ya chumba na inaweza kukutana na pistoni. Plagi fupi kwenye shimo refu inawasha ndani ya shimo, kaboni inajaa kwenye nyuzi zilizobaki wazi, na siku ya kurudisha plagi sahihi inakwama njiani na kuharibu nyuzi za silinda hedi, ambayo ni aluminiamu. Hayo yote kwa sababu mtu alisema "za IST".

Sasa tuje kwenye feki, na hapa nataka kwanza tutenganishe vitu vitatu ambavyo watu huvichanganya. Kuna boksi la Toyota, ambalo ndani yake kuna kitu kilichotengenezwa na kiwanda kinachoipelekea Toyota. Kuna boksi la kiwanda chenyewe kwa jina lake, kama Denso na NGK kwa plagi au Advics na Akebono kwa breki. Na kuna kampuni nyingine yoyote, ya China au Uturuki au India, inayouza pedi kwa jina lake mwenyewe. Hiyo ya tatu inaweza kuwa nzuri au mbovu, lakini si feki: inasema ni nani na inabeba lawama zake. Feki ni ile inayovaa jina la mwingine. Mimi afadhali niuze pedi ya bei nafuu yenye jina lake nisilolifahamu vizuri kuliko "jenuini" ya bei ya kushangaza, kwa sababu aliyeanza kwa kudanganya jina hatakuwa mwaminifu kwenye gundi.

Boksi lichunguze, ila lisikumalize. Soma namba kwenye lebo na ulinganishe na ya katalogi, kistari kwa kistari. Angalia kama lebo imechapwa kwa herufi kali au zimevuja, kama tahajia ni sawa, kama rangi ya boksi hili ni sawa na la mwenzake kwenye rafu. Kama kuna msimbo wa QR, usiridhike kwamba simu imeusoma. Angalia umekupeleka kwenye tovuti gani na namba inayotokea ni ile iliyo kwenye boksi. Msimbo ni picha tu, unanakiliwa. Boksi lenyewe pia linaweza kuwa halali kabisa na kilichomo ndani siyo, kwa sababu maboksi matupu ya jenuini yana soko. Ndiyo maana kwenye gereji yangu boksi likishafunguliwa linachanwa mbele ya mwenye gari, na nakushauri wewe uondoke na lako au ulichane mwenyewe. Mkanda uliobandikwa mara mbili au kingo za mfuniko zilizochakaa kwenye boksi "jipya" ni dalili ya kuulizia.

Kwa hiyo fungua hizo nne ulizonazo, uzilaze kwenye karatasi nyeupe karibu na dirisha. Anza na washa, ile pete ya chuma iliyo chini ya kichwa. Kwenye plagi mpya halali pete imevimba, ina umbo la bomba lililokunjwa, na imebanwa isitoke: utaizungusha kwa kidole lakini haitavuka nyuzi kirahisi. Ikidondoka yenyewe ukiinamisha plagi, weka alama ya kuuliza. Ikiwa imelala bapa, plagi hiyo imeshawahi kukazwa kwenye injini ya mtu. Na hilo lipo sana: plagi kuukuu zinapigwa mchanga, zinang'arishwa na kurudishwa kwenye boksi. Ncha ndiyo itakayosema. Elektrodi ya kati ya plagi mpya ya nikeli ina ukingo mkali, ukiitazama kwa pembeni unaona kona kamili. Iliyotumika imelika kona, imekuwa ya mviringo, na chuma kilichopigwa mchanga kina weupe uliofifia usio na mng'ao.

Kisha zitazame zote nne kutoka juu, ule mkono uliopinda ukiwa mbele yako. Lazima ukae katikati ya ncha, si kando, na upana wa nafasi uwe mmoja kwa zote. Tumia kipimo cha feela cha 1.1. Tofauti ndogo inaweza kutokana na kudondoshwa, lakini nne zikitoa nafasi nne tofauti, hicho si kiwanda cha Denso. Kwenye U11 unatakiwa pia kuuona ule mfereji ndani ya mkono. Nimeona nakala zilizoandikwa U11 vizuri kwenye kauri huku mkono uko bapa kabisa. Maandishi kwenye kauri yawe makali na yasifutike kwa kucha yenye mate, nyuzi ziwe laini bila makapi ya chuma, na kifuniko cha juu kinapoingia koili kiwe kimekazwa, kisifunguke kwa vidole.

Baada ya macho kuna kipimo kimoja ambacho wanaonakili wengi hawajisumbui nacho. Ile R. Chukua multimita, weka kwenye omu, mguso mmoja juu kabisa na mwingine kwenye ncha ya kati. Plagi yenye rezista inatoa takribani omu 5,000. Kati ya 3,000 na 7,500 sina ugomvi nayo. Ikisoma sifuri, hakuna rezista, ni waya tu. Ikikosa kusoma kabisa, safisha ncha na ujaribu tena kabla hujaihukumu. Plagi isiyo na rezista itawasha, gari litaondoka, na hapo ndipo mtu anaposema "mbona inafanya kazi". Lakini inatupa kelele za umeme ambazo zinasumbua redio na kompyuta ya injini, na kwenye 1NZ-FE kila silinda ina koili yake juu ya plagi, kwa hiyo mateso yote ya plagi mbovu yanaishia kwenye koili. Utaanza kuona taa ya injini, ukichomeka mashine inakuja P0300, au P0301 hadi P0304 ambapo tarakimu ya mwisho ni namba ya silinda inayomisi. Kisha unauziwa koili. Kwa bei ya koili moja ungekuwa umeshanunua plagi.

Kipimo hicho kina mpaka wake. Nakala nzuri inaweza kuwa na rezista. Na kwenye iridiamu ongeza jambo moja: ncha ya kati lazima iwe nyembamba sana, milimita 0.4 hadi 0.7 kwa Denso kutegemea aina. Boksi la iridiamu lenye ncha nene kama ya nikeli halihitaji multimita.

Pedi nazo zichunguzwe zikiwa mkononi. Itazame kwa ubavu, pale nyama inapokutana na bati. Mstari uwe mmoja, umefungwa, hakuna ufa wala mwanya unaopitisha karatasi. Hapo ndipo pedi mbovu inapoachia: nyama inabanduka nzima na bati linabaki linasaga diski. Kwaruza kona kwa ncha ya ufunguo. Pedi nzuri inaacha alama hafifu na vumbi kidogo. Inayomeguka chembe chembe kama ugali uliolala, irudishe. Bati liwe limepakwa rangi sawasawa, masikio yamekatwa safi bila makapi. Seti ni pedi nne, na unene wa nyama uwe mmoja kwa zote.

Pedi nyingi zina mstari wa herufi na namba kwenye ubavu au mgongoni, na mwisho wake herufi mbili. Ya kwanza ni ukwaruzaji pedi ikiwa kwenye joto la kawaida, ya pili ikiwa imepata moto. E ni kati ya 0.25 na 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, G ni 0.45 hadi 0.55. FF inashika sawasawa baridi na moto, na kwa mtu wa Isamilo na mzigo nisingeshuka chini ya hapo. FE maana yake inalegea ikipata moto. Herufi hazisemi pedi itadumu muda gani wala kama italia, na anayenakili anaweza kuziandika apendavyo, kwa hiyo ni za kuchagua kati ya pedi ambazo umeshaziamini kwa macho. Ukifungua zako, angalia wameandika nini, kama wameandika. Angalia pia uso wa nyama. Ukiwa unang'aa kama kioo na una mistari ya nyufa, imeungua, usiipige msasa urudishe.

Bei. Sitakuambia kwamba ya elfu kumi na nane ni halali kwa sababu ni ghali. Anayeuza feki akigundua mteja anapima kwa bei, anapandisha bei. Ninachokuambia ni kwamba kitu kimoja, kwenye maduka yanayotazamana, hakitofautiani zaidi ya mara tatu bila sababu, na sababu hiyo umuulize muuzaji kwa jina lake: hii ni Denso ya Japani, ya Indonesia, au ni nini? Denso wana viwanda nchi nyingi, kwa hiyo kukosekana kwa MADE IN JAPAN si kosa. Kosa ni boksi kusema nchi moja na plagi kusema nyingine. Dai risiti ya EFD iliyoandikwa jina la kitu na namba yake, isiwe "spea" tupu. Muuzaji asiyetaka kuandika Denso K16R-U11 kwenye risiti ameshakujibu. Ukikwama naye na ushahidi unao, bidhaa zinazotumia alama ya mwingine ni kazi ya Tume ya Ushindani, FCC.

Wakati wa kufunga, msisitize fundi mambo machache. Plagi ziingizwe kwa mkono mpaka zikae, injini ikiwa imepoa. Kwa 1NZ-FE zinakazwa Nm 18. Asiye na spana ya kipimo aongeze nusu hadi theluthi mbili ya mzunguko baada ya kukaa, kwa washa mpya, asizidishe. Za nikeli zitazame tena kati ya kilomita 15,000 na 20,000. Kwa breki, pini za kalipa zitolewe, zisafishwe, zipakwe grisi ya breki, siyo ya beringi. Pini iliyokwama inakula pedi moja na kuiacha ya pili nzima, na mtu anadhani kauziwa feki. Vibanio viwe vipya. Unene wa diski upimwe na kulinganishwa na namba iliyopigwa kwenye diski yenyewe baada ya maneno MIN TH. Kabla ya kuondoka, kanyaga pedeli mara kadhaa gari likiwa limesimama mpaka ipande, la sivyo breki ya kwanza itazama.

Kisha pedi zizoeshwe diski. Jumapili alfajiri, kipande kilichonyooka kisicho na watu, toka kilomita 50 kwa saa hadi kama 10 kwa kukanyaga kwa wastani, bila kusimama kabisa, uendeshe kidogo zipoe, urudie mara nane au kumi. Harufu kidogo ya kuungua ni kawaida siku hiyo. Moshi siyo, na gari kuvuta upande mmoja siyo.

Zile plagi nne zako zipime leo kabla ya jambo lolote, maana muuzaji akiona zimeshaingia kwenye injini hatazipokea. Ukipata omu sifuri hata kwenye moja, rudisha zote nne na boksi lake na risiti, umwonyeshe multimita mbele ya wateja wake. Za pedi nitumie namba yote ya chasisi pamoja na picha mbili: mgongo wa pedi uliyotoa, na ubavu wake.